Siku saba pale Haserothi

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu, wainjilisti, mama zangu wa umoja, viongozi wa kwaya, karibuni.

Neno letu ni Hesabu sura ya 12. Nimelichagua kwa sababu kila mliyemo humu ana ufunguo wa kitu: ofisi, sanduku la sadaka, stoo ya vinanda. Washarika wengine leo wako mashambani wanachuma chai. Tumebaki wenyewe, basi tuseme kweli.

Miriamu na Haruni wanaanzia kwa mke. Musa ameoa mwanamke Mkushi. Ukiishia mstari wa kwanza utadhani ni kikao cha maadili. Nenda wa pili: "Je! Ni kweli Bwana amenena na Musa tu? Hakunena na sisi pia?" Kumbe! Na yule mama Mkushi hatajwi tena mpaka sura inaisha. Alikuwa kisingizio.

Na hawa hawakuwa watu wadogo. Miriamu ni nabii, ndiye aliyeshika tari baada ya kuvuka bahari. Haruni ni kuhani. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na Mungu alikuwa amempa. Wivu wa viongozi huwa hivyo: haumsumbui asiye na kitu, humsumbua mwenye kitu anayechungulia cha mwenzake.

Sisi nasi tunaye Mkushi wetu. "Mimi sina neno na mwinjilisti, tatizo langu ni utaratibu." "Ana karama, lakini tumwombee." Hiyo "tumwombee" mnaijua inavyosemwa, sauti ikishuka, jicho likienda pembeni.

Nianze na mimi. Mchungaji mwenzangu alipaua kanisa lake kabla sijamaliza kuta za langu. Nilialikwa, nikaenda, nikala pilau lake. Njiani kurudi, ndani ya kosta, mzee mmoja akasema, "Kanisa limependeza." Nikamjibu, "Limependeza, ila yale mabati ni geji 32. Upepo wa huku utayabeba." Wazee, sikuwa nimepanda juu kupima bati. Sijui hata alinunua geji gani. Kilichonichoma ni kwamba aliyepaua ni yeye.

Bwana akasikia, ndivyo andiko linavyosema. Musa hakujitetea, aliyesema ni Mungu, akawaita wote watatu hemani. Wingu lilipoondoka, Haruni akamtazama dada yake, na tazama, ana ukoma, mweupe kama theluji. Hapo mimi husimama kidogo. Katika sheria ya Walawi, kumkagua mwenye ukoma ni kazi ya kuhani. Haruni kazini kwake sasa anamkagua mtu aliyenena naye maneno yale yale. Anaiona dhambi yake kwenye ngozi ya mwingine. Ndiyo maana hasemi "amekosa". Anasema tumefanya upumbavu, tumekosa.

Musa angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, kama tunavyosema huku tukitikisa kichwa, "Mungu hadhihakiwi." Yeye akalia: "Mpoze, Ee Mungu, nakusihi sana." Maombi mafupi kuliko yetu ya kufungua kikao.

Miriamu akafungiwa nje ya marago siku saba, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima! Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyekwisha funga mizigo, wote wamekaa Haserothi wakiitazama njia. Wala hawakuwa na neno na Musa.

Mnaujua ule msingi wa nyumba ya mwinjilisti, mtaa wa juu. Magugu yameota katikati ya matofali. Saruji ilikuwepo, mifuko 40. Imeganda stoo mpaka imekuwa mawe, kwa sababu kamati mbili hazikuelewana jina la nani liandikwe kwenye jiwe la msingi. Mwinjilisti bado amepanga chumba kimoja na watoto wanne. Hiyo ndiyo Haserothi yetu.

Mtu ataniambia fahali wawili hawakai zizi moja. Huo ni msemo wa ng'ombe. Wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian waliingia huku Unyakyusa mwaka mmoja, 1891. Wangeweza kugombania kila kijiji. Wakakaa, wakagawana nchi, hawa mashariki, wale magharibi, kazi ikaendelea. Walikuwa na makosa yao, lakini hilo walilimaliza.

Saa nane tuna kikao, na ajenda ya tatu ni msingi ule. Kabla ya kwenda kula, kila mmoja amtafute yule ambaye akisifiwa yeye husema "ila". Msihubiriane. Mwombee kwa jina, asikie, kwa maneno ya Musa. Mimi nimekwisha mpigia simu mchungaji wa mabati. Anakuja saa saba.

Tusimame.