Kichwa kipya cha video ya cherehani: siku 28 kabla, siku 28 baada

Wenzangu,

Jumatano, 5 Februari 2025, tulibadilisha kichwa cha video ya cherehani tuliyoipakia miaka mitatu iliyopita. Kilikuwa "Matatizo madogo ya cherehani, sehemu ya 3". Sasa ni "Cherehani inaruka mishono? Anza na sindano". Tangu hapo kila mtu kwenye timu ameona grafu ikipanda, na wiki iliyopita tulikaribia kukubaliana kuwa vichwa vyote vya zamani vibadilishwe kwa mtindo huo. Naomba tusubiri kidogo, nimepiga hesabu upya.

Nimelinganisha 8 Januari hadi 4 Februari na 6 Februari hadi 5 Machi. Ni wiki nne kamili kila upande, ili wikendi zilingane. Siku yenyewe ya mabadiliko nimeitupa, kwa kuwa ilikuwa na vichwa vyote viwili. Isitoshe, YouTube huhesabu siku zake kwa saa za Pasifiki, kwa hiyo "Jumatano" yao si Jumatano yetu.

Kabla: video ilitazamwa mara 1,904. Baada: mara 3,012. Ongezeko ni 1,108, yaani asilimia 58. Hiyo ndiyo namba iliyotufurahisha.

Nilipofungua vyanzo vya watazamaji, furaha ikapungua. Tarehe 14 Februari mtu asiyehusiana nasi aliweka kiungo cha video hii kwenye tovuti ya washonaji. Waliokuja kutoka nje ya YouTube walikuwa 60, wakawa 470. Wale hawakuchagua video kwa kichwa chetu. Walibofya kwa sababu mtu wanayemwamini aliwaambia wabofye. Halafu sisi wenyewe, tarehe 12, tulitoa video mpya ya aina za sindano, na kwenye skrini yake ya mwisho tukaweka hii ya zamani. Kutoka huko walikuwa 95, wakawa 300. Ukiviondoa vyanzo hivyo viwili pande zote, tunabaki na 1,749 kabla na 2,242 baada. Asilimia 58 imekuwa 28.

Je, hiyo 28 ni ya kichwa? Nilichukua video zetu sita za zamani za matengenezo ambazo hazikuguswa kabisa, nikaziondolea vyanzo vilevile. Nazo zilipanda kwa asilimia 15 katika wiki hizohizo. Kama video yetu ingepanda na wenzake tu, ingefika 2,011. Ziada ni 231.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu kosa linalofuata ni letu na ni rahisi kulirudia. Tuliichagua video hii kwa nini? Kwa sababu Januari ilikuwa imeshuka vibaya. Lakini kitu kikichaguliwa kikiwa chini kabisa, mara nyingi hupanda hata usipokigusa, kwa sababu sehemu ya kule kushuka ilikuwa bahati mbaya tu. Nilirudi nyuma vipindi vitatu vya siku 28 kabla ya Januari: 2,050, 1,980 na 2,110. Wastani ni 2,047. Januari yenye 1,749 haikuwa hali yake ya kawaida, na sisi tukaifanya kipimo. Dhidi ya wastani huo tumepanda asilimia 9.5 tu. Zile video sita, zikipimwa dhidi ya wastani wao wa vipindi vilevile, zimepanda kama asilimia 10. Kwa jumla ya watazamaji, basi, sioni faida yoyote ya kichwa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea pia.

Kiwango cha kubofya kwa jumla hakikusogea: asilimia 2.9 kabla, 2.9 baada. Lakini ile ni namba ya mchanganyiko. Kijipicha kikionyeshwa kwa mtu aliyetafuta tatizo lake hubofywa zaidi kuliko kikitokea kwenye ukurasa wa kwanza mbele ya mtu anayepitapita tu. Kwenye ukurasa wa kwanza na mapendekezo, kijipicha kilionyeshwa mara 28,800, kisha 46,000. Kiwango kilibaki 1.9. Kwenye utafutaji kilionyeshwa mara 12,400, kisha 12,800; kiwango kilitoka 5.2 hadi 6.4. Lile kundi kubwa la kubofya hafifu liliongezeka likafunika kilichotokea kwenye utafutaji. Na ndilo lililoshuka Januari na kurudi lenyewe. Kabla ya hapo lilikuwa karibu 44,000.

Tofauti ya 5.2 na 6.4 kwa maonyesho mengi hivi ni kubwa mara nne hivi ya kosa lake la sampuli, kwa hiyo siioni kama bahati. Video sita za ulinganisho zilitoka 5.0 hadi 5.1 kwenye utafutaji. Kwa kiwango cha zamani, maonyesho 12,800 yangetupa watazamaji 666. Tulipata 819. Hao 150 na ushee ndio nauhusisha na kichwa, na katika jumla ya elfu mbili inayoyumba kila mwezi ni rahisi wasionekane.

Kuna doa moja: tarehe 20 Februari kijipicha kiliongezewa mwanga bila kutangazwa. Nimekata kipindi cha baada katikati. Siku 14 za kwanza, kabla ya kuguswa, kiwango cha utafutaji kilikuwa tayari 6.3, siku 14 za mwisho 6.5. Kupanda kulitangulia kijipicha, ingawa ile 0.2 siwezi kusema ni ya nani.

Kinachonipa moyo zaidi ni waliobaki kutazama. Kati ya waliotoka kwenye utafutaji, waliovuka sekunde 30 za mwanzo walikuwa asilimia 61. Sasa ni 68. Itazameni tena ile dakika ya pili: fundi wetu anachomoa sindano, anailaza upande wake bapa juu ya kioo, na mwanga unapenya chini ya ncha iliyopinda. Mtu aliyehangaika na mshono unaoruka asubuhi nzima anapata jibu lake pale. Kichwa cha zamani kilimficha jibu hilo nyuma ya "sehemu ya 3". Maneno ya utafutaji yanasema hivyohivyo: "cherehani inaruka mishono" ilituletea watu 38 kabla, 190 baada, huku maneno ya jumla kama "matatizo ya cherehani" yakipungua. Sehemu ya kupanda kwa kiwango, basi, ni kwamba tunaonyeshwa kwa watu tofauti kidogo. Nalihesabu hilo kuwa kazi ya kichwa.

Napendekeza kichwa kibaki. Video nyingine 24 za mfululizo huu zisibadilishwe kwa pamoja. Tuzipange jozijozi kulingana na wastani wa miezi minne, si mwezi mmoja mbaya, kisha tuchague kwa bahati nasibu katika kila jozi: 12 zipate vichwa vipya, 12 zisiguswe. Kwa siku 28 baada ya hapo hakuna kugusa kijipicha, maelezo wala skrini za mwisho zinazoelekea huko. Tutakachosoma ni kiwango cha kubofya kwenye utafutaji na waliovuka sekunde 30, na tukiandike hivyo kabla ya kuanza. Orodha ya jozi nitaileta Jumatatu. Fundi, naomba uzipitie uone kama kuna mbili nilizofananisha ambazo kwa kazi yako hazifanani.