Kuusoma mchoro wa nishati: nundu ya Ea na kazi ya kichocheo
(Kemia, Kidato cha Tatu, Mtwara)

Vijana, gesi ya Msimbati kwa sehemu kubwa ni methani. Ikichanganyika na hewa haiwaki yenyewe, ingawa ikiwaka inatoa joto jingi. Lazima kwanza ipate cheche au moto wa kiberiti. Kiasi hicho cha chini cha nishati ambacho chembe zinazogongana zinahitaji ili zibadilike ndicho nishati amilishi, Ea.

Sasa tuchore kwa mfano wa maabara, haidrojeni peroksaidi:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Mhimili wima ni nishati. Mhimili mlalo ni mwendo wa mmenyuko, kutoka vitendanishi hadi mazao. Huo si muda, kwa hiyo msiandike sekunde! Kushoto chora mstari mfupi wa vitendanishi, kulia wa mazao, ukiwa chini zaidi kwa sababu mmenyuko huu unatoa joto. Tofauti ya mistari hiyo miwili ni ΔH, takriban −98 kJ kwa kila moli ya peroksaidi. Katikati kuna nundu. Kileleni vifungo vya zamani vimelegea na vipya havijakamilika. Mshale wa Ea unaanzia kwenye mstari wa vitendanishi hadi kileleni. Wengi huuanzishia chini kabisa kwenye mhimili, na hapo alama zinapotea bure.

Bila kichocheo, Ea hapa ni kama 75 kJ kwa moli. Ndiyo maana peroksaidi kwenye neli hutoa viputo vichache tu, huhitaji hata kuvihesabu. Tia manganizi dayoksaidi kidogo, ule unga mweusi: povu linapanda, neli inapata moto mkononi, na kijiti chenye kaa kikisogezwa mdomoni mwa neli kinashika moto, dalili ya oksijeni. Ea imeshuka hadi kama 58 kJ. Ukichuja unga, ukaukausha na kuupima, uzito wake ni uleule.

Kwenye mchoro, kichocheo kinaongeza nundu ya pili, fupi, chini ya ile ya kwanza. Nundu zote mbili zinaanzia na kuishia palepale. Kichocheo kinaupa mmenyuko njia nyingine, nayo haigusi ΔH. Naomba mlishike hili kwa dhati, maana ndilo kiini cha mada nzima. Kupasha joto ni jambo tofauti: Ea inabaki ileile, ila chembe nyingi zaidi zinakuwa na nguvu ya kuvuka.

Someni pia kutoka kulia. Kurudi nyuma bila kichocheo kunahitaji 75 + 98 = 173 kJ. Kwa kichocheo ni 58 + 98 = 156 kJ. Pande zote mbili zimepungua kwa 17 kJ, ndiyo maana kichocheo huwahisha usawazo lakini hakiuhamishi.

Kesho kila mmoja alete mchoro wenye nundu mbili, mishale yote minne ya Ea na mmoja tu wa ΔH.