Taarifa ya tukio kubwa la madhara: Mshiriki PB-047, jaribio la dozi mbili za primakwini, Pemba

Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya, Zanzibar
Kutoka: Mtafiti Mkuu, kituo cha Pemba
Tarehe: 16 Juni 2025
Taarifa ya kwanza kwa maandishi, baada ya ile ya simu ya tarehe 13 Juni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mshiriki PB-047, mwanamke wa miaka 24 mwenye kilo 52, alilazwa hospitali tarehe 12 Juni kwa kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, siku tatu baada ya kumeza dawa ya utafiti. Aliongezewa chupa mbili za damu. Jana ameruhusiwa na hali yake ni nzuri. Kwa maoni yangu, primakwini ndiyo yumkini iliyosababisha, na nimesitisha kuandikisha wanawake hadi Kamati itakapoamua.

Yaliyotokea

Tarehe 9 Juni alikutwa na malaria ya falsiparum, vimelea 8,200 kwa mikrolita. Himoglobini ilikuwa 11.6, kipimo cha mimba hasi, na kipimo cha haraka cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, kilionesha kawaida. Alianzishiwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, pamoja na dozi moja ya primakwini, ama miligramu 0.25 au 0.4 kwa kilo. Ni ipi kati ya hizo, mimi sijui.

Asubuhi ya tarehe 12 alimwambia muuguzi wetu kuwa mkojo umekuwa "kama chai ya rangi". Macho yalikuwa ya manjano na moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Himoglobini ilikuwa 6.9. Mkojo ulionesha damu kwenye kijiti, lakini kwenye hadubini hazikuonekana chembe nyekundu. Vimelea vilikuwa vimekwisha. Kriatinini ilibaki kawaida muda wote, jambo lililotupunguzia hofu ya figo. Alipotoka himoglobini ilikuwa 9.3.

Chanzo

Malaria yenyewe hushusha damu, lakini vimelea vyake havikuwa vingi na vilikwisha mapema. Peke yake haielezi kushuka kwa 4.7 ndani ya siku tatu pamoja na mkojo mweusi. Kuvunjika kwa damu kunakochelewa kunajulikana zaidi baada ya sindano ya artesuneti, na huja wiki moja au zaidi baadaye. Kwinini hakupewa. Kipimo cha kingamwili zinazoshambulia chembe za damu kilitoka hasi, na hana selimundu.

Lililonishughulisha zaidi ni hina. Jioni ya siku aliyomeza dawa alipakwa viganjani na miguuni kwa harusi ya wifi yake, na hina inaweza kuvunja damu ya mwenye upungufu wa G6PD. Nilikwenda nyumbani kwao kuuliza. Mkwe wake alinionesha majani yaliyosalia, akasema hayakutiwa piko. Mshiriki amekuwa akipaka tangu utotoni, kila Idi na kila harusi, na hajawahi kupata dalili kama hizi. Kwa hiyo siiondoi kabisa, lakini naiweka nyuma ya primakwini. Dawa nyengine, za duka au za mitishamba, amekana kutumia, na familia imekubaliana naye.

Muda wa siku mbili hadi tatu ndio hasa wa primakwini. Matokeo ya kawaida ya kipimo cha haraka hayapingi hoja hii. Jini la G6PD liko kwenye kromosomu ya X, na mwanamke mwenye nakala moja yenye kasoro huwa na chembe za aina mbili, nyengine nzima, nyengine pungufu. Kipimo cha haraka huwakamata wenye upungufu mkubwa na huwapitisha wengi wa kati. Kupima tena sasa kungetudanganya: chembe kongwe zimevunjika, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na kuna damu ya mtu mwengine mwilini. Tutapima kiwango kamili baada ya miezi mitatu.

Siandiki "hakika", kwani uthibitisho ungehitaji kumpa dawa tena, jambo tusilolifanya. Madhara haya yametajwa kwenye itifaki, lakini si kwa ukali huu baada ya dozi moja. Nalihesabu tukio lisilotarajiwa.

Hatua na maombi

Siri ya dozi imefunguliwa kwa mwenyekiti wa jopo huru la usalama pekee, kwani matibabu yalikuwa yale yale kwa dozi yoyote. Mfadhili na Wakala wa Chakula na Dawa wamearifiwa. Gharama zote zimelipwa na bima ya utafiti. Wanawake wote waliomeza dawa ndani ya siku saba zilizopita wanapimwa damu majumbani mwao.

Naomba Kamati iidhinishe mambo mawili: wanawake wasiandikishwe mpaka kituo kiwe na mashine ya kupima kiwango cha G6PD, na fomu ya ridhaa iseme waziwazi kuwa kipimo cha haraka kinaweza kumpitisha mwanamke aliye hatarini. Walioandikishwa tayari nao waelezwe hivyo hivyo, kwa mdomo na kwa maandishi. Mshiriki mwenyewe ameshaelezwa, amepewa kadi ya kuonesha kila anapotibiwa, na amekubali tuendelee kumfuatilia.

Wenu katika kazi,
Mtafiti Mkuu