Kwa Nini Binti Yetu Anaitwa Nafula Akoth

Wazee wetu, baba mkwe na mama mkwe, mchungaji, majirani zetu wa hapa Lanet, na ninyi nyote mliofika: mulembe kwa waliotoka Bungoma, amosou kwa waliotoka Ahero. Asanteni kwa kuacha kazi za shamba msimu huu wa palizi mkaja kutushika mkono.

Mke wangu ameniomba nilieleze jina, yeye atasema lake kabla ya maombi.

Mtoto alizaliwa usiku, mwezi wa Aprili, mvua ikipiga mabati hata muuguzi akawa anapaza sauti ili tumsikie. Nilipompigia dani, nyanya wa mtoto wa upande wa Ahero, kumpa habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Huko kunanyesha?" Nikasema ndiyo, tangu jioni. Akasema, "Basi huyo ni Akoth." Nilinyamaza kwenye simu. Mnaomfahamu marehemu mama yangu mnajua sababu. Kwa Waluo, binti anayezaliwa mvua ikinyesha ni Akoth. Kwetu Wabukusu, binti wa majira ya mvua ni Nafula, na Nafula ndilo jina la mama yangu. Tulikuwa tumekwisha kupanga, mke wangu na mimi, kwamba akija msichana tutamwita mama. Dani hakujua. Amempa jina lile lile kwa lugha yake.

Mjomba mmoja wa Ahero alituuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: mnawezaje kumpa mtoto jina la mvua, ilhali mto Nyando ukifurika sisi ndio tunaohama na magodoro kichwani? Tulilifikiria sana swali hilo. Baba mkwe ndiye aliyelijibu. Alisema yeye amelima mpunga maisha yake yote, na maji hayo hayo yaliyomhamisha ndiyo yaliyomsomeshea watoto, akiwemo binti yake niliyemwoa. Hatukuwa na la kuongeza.

Sasa niwaambie tunachomtakia, na hapa lazima nimtaje mama kwa kirefu, maana wengi wa upande wa Ahero hawakumwona.

Mama aliuza maharagwe soko la Chwele. Mnajua biashara ya gorogoro ilivyo; wapo wanaobonyeza kitako cha mkebe ili ujae upesi. Gorogoro ya mama ilikuwa nzima, aliijaza hadi ikafanya kilima, kisha akatupia konzi moja juu. Nilipokuwa mdogo nilimwambia anapoteza mali. Akanijibu kwamba mnunuzi naye ana watoto wanaosubiri sufuria.

Kisha ikaja miaka ile ya vita vya mashamba kule Mlima Elgon, kuanzia 2006 hadi 2008. Watu walishuka kutoka Kopsiro na Cheptais wakiwa na watoto mgongoni tu. Mama alitoa magunia ya mahindi kwenye ghala, akayapanga chumbani kwake, na familia mbili za Kisabaot zikalala ghalani. Wapo jirani waliomnong'oneza kwamba anajitafutia balaa. Yeye aliendelea kupika uji. Na katika miaka hiyo hiyo, mwezi wa Januari 2008, hapa Nakuru tunaposimama, watu walikuwa wakiulizana kabila barabarani kwa panga mkononi.

Binti yetu amezaliwa katika mji huo, baba Mbukusu, mama Mjaluo. Siku moja atatokea mtu wa kumuuliza yeye hasa ni wa wapi, achague. Tunataka jina lake limjibie. Anayemwita Nafula na anayemwita Akoth wanamwita mtoto mmoja kwa jina moja, na hakuna upande uliopewa nusu. Tunamtakia kipimo cha mama, kwamba atakachompimia mtu wa kwao ndicho atakachompimia mgeni. Akiwa daktari, akiwa fundi, akiuza maharagwe Chwele kama nyanya yake, sisi tutaridhika, mradi mkebe wake usiwe umebonyezwa.

Kanisani ataitwa Rehema, na mchungaji atalisemea hilo.

Wazee, sisi wazazi tumechagua, lakini jina halishiki mpaka litamkwe na ninyi. Senge, wewe ndiwe dada mkubwa wa baba yangu na ulimzika mama kwa mikono yako. Njoo umpokee mtoto, umwite Nafula watu wasikie. Kisha umkabidhi dani, naye amwite Akoth. Na kuanzia leo, tafadhali, mke wangu aitwe Mama Nafula huku kwetu, na Mama Akoth akienda kwao.

Senge, karibu mbele. Vijana, mpisheni njia.