Agizo la Mdomo

Kati ya madirisha manne ya benki, lililokuwa na mtu ni moja tu, na huyo naye alikuwa akirudia kuhesabu kwa mkono noti ambazo mashine ilikwisha kuzihesabu. Foleni ilijikunja mara mbili ndani ya ukumbi. Zuhura alikuwa kwenye kona ya pili, fomu ya kutolea fedha mkononi. Alikwisha kuijaza yote: jina, namba ya akaunti, na kiasi, ambacho kilikuwa akiba yake nzima isipokuwa kile kidogo ambacho benki haikuruhusu kutolewa.

Fedha zenyewe zilikuwa zinakwenda kwa wifi yake. Wifi alikuwa na duka la vitambaa lililoanza kuchangamka. Makubaliano ni kwamba Zuhura atie mtaji, mzigo uongezwe, faida wagawane. Walizungumza usiku mmoja mpaka watoto wakalala, wakacheka, wakalipa jina duka ambalo bado lilikuwa la mtu mmoja. Zuhura alipouliza kama hawatahitaji kuandikiana, wifi alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mimi na wewe tuandikiane? Kwani tumekutana njiani?"

Zuhura aliona haya, akayabadilisha mazungumzo.

Simu ikatetema mkobani. Ni Hamisi, mdogo wake, aliyejipa kazi ya kumtafutia dada yake kazi. Kila asubuhi tangazo, bila hata shikamoo. Alikwisha kumtumia nafasi za udereva wa malori, upishi wa hotelini, na moja iliyosema wazi kwamba waombaji wawe wanaume. Siku nyingine Zuhura angejibu "ahsante mdogo wangu" bila kufungua. Leo foleni haikuwa ikisogea, akafungua.

NAFASI YA KAZI: MTUNZA GHALA.

Nusura aifunge palepale. Kazi hiyo aliijua kuanzia funguo hadi vumbi, na aliiacha kwa kiapo. Katika ghala lake la mwisho, la vifaa vya umeme, kila rafu ilikuwa na kadi, na kila kadi ilisema ukweli. Kinachoingia kinaandikwa, kinachotoka kinaandikwa, salio linabaki pembeni. Mzigo ukija huupokei kwa macho. Unalinganisha hati ya mletaji na oda iliyotumwa, unafungua katoni, unahesabu, ndipo unatia saini. Mzigo wa zamani unatoka kwanza, mpya unasubiri nyuma. Hayo yote hayakuwa shida.

Shida ilikuwa simu. "Zuhura, mpe huyo kijana roli mbili za waya, karatasi itakuja." Anayepiga ni mkubwa, kijana yuko mlangoni na gari linanguruma. Utamwambia nini mkubwa? Roli zinatoka, karatasi haiji. Wiki inayofuata ni balbu, kisha swichi, kisha waya tena. Halafu inafika siku ya kuhesabu mali, kadi inasema hivi na rafu inasema vile, na mkubwa yuleyule amekaa upande wa pili wa meza akishangaa pamoja na wakaguzi. Zuhura alikuwa na daftari. Kila simu aliiandika: tarehe, saa, aliyepiga, kilichotoka, aliyekipokea. Mkaguzi alilifungua kwa adabu, akapekua kurasa, akauliza, "Mwandiko huu ni wako wote. Saini yake yeye iko wapi?" Upungufu ukakatwa kwenye mshahara wake. Ulipokwisha kukatwa, akaaga.

Basi alilisoma tangazo kama mtu anavyosoma habari za mtaa aliokwisha kuhama. Sifa za mwombaji: stashahada ya ugavi au fani inayofanana nayo, uzoefu usiopungua miaka mitatu, ujuzi wa kompyuta. Awe mwaminifu. Hapo Zuhura hutabasamu kila mara, maana hajawahi kukutana na mwizi aliyesoma neno hilo akaacha kuomba. Awe na uwezo wa kufanya kazi kwa shinikizo. Yaani bosi anafoka. Mshahara utategemea elimu na uzoefu. Yaani wameshaupanga ila hawataki kuutaja. Kazi ya mkataba, mwaka mmoja, miezi mitatu ya majaribio.

Foleni ilisogea hatua moja. Mzee aliyekuwa nyuma yake akasogea hatua mbili, akamgusa kwa ncha ya bakora, akaomba radhi.

Majukumu yalipangwa kwa namba. Kupokea na kukagua bidhaa. Kutunza leja na kadi za bidhaa. Kuhesabu sehemu ya mali kila wiki na kuoanisha na vitabu. Kutoa taarifa bidhaa zinapokaribia kiwango cha chini. Kusimamia usafi na usalama wa ghala. Ni yaleyale yanayonakiliwa kutoka tangazo hadi tangazo, hata makosa ya herufi huhama nayo. Kidole chake kilikuwa kikiteleza kuelekea mwisho, mahali pa kutuma maombi, kilipopita namba tisa. Kikarudi.

"9. Kutotoa bidhaa yoyote kwa agizo la mdomo au la simu, bila kujali cheo cha anayeagiza."

Alisoma tena, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Bila kujali cheo cha anayeagiza.

Sentensi hiyo haikunakiliwa popote. Zuhura alikwisha kusoma matangazo ya kutosha kujua. Katika matangazo mengine huandikwa "kufuata taratibu za utoaji", maneno laini ambayo mkubwa anaweza kuyapitia katikati bila kuguswa. Huyu aliyeandika namba tisa alikuwa na mtu kichwani. Pengine alikuwa mhasibu aliyekesha akitafuta katoni zisizo na hati, au mtunza ghala aliyekatwa mshahara kama yeye. Tena hakuiweka kwenye masharti ya jumla ambako husomwa na wanasheria peke yao. Aliiweka kwenye majukumu, pamoja na kufagia na kuhesabu, iwe kazi ya kila siku. Maana yake ni kwamba anayekataa haonyeshi kiburi. Anafanya kazi aliyoajiriwa.

Lakini karatasi huvumilia kila kitu. Ghala lake la zamani nalo lilikuwa na kitabu kizima cha taratibu, chenye jalada gumu, na kilitumika kuzuia mlango usijifunge.

Chini ya tangazo palikuwa na namba ya simu kwa maulizo. Zuhura aliitazama, akatazama foleni. Mlinzi alikwisha kuwaambia tangu mwanzo: kusoma ujumbe sawa, kuongea nje.

"Shikamoo baba. Naomba unishikie nafasi, natoka mara moja."

"Marahaba mwanangu. Nenda. Mimi huku nimeshaota mizizi."

Akatoka barazani, akapiga. Ilipokea sauti ya mwanamke, changamfu, yenye haraka ya mtu mwenye simu nyingine inayolia.

"Napiga kuhusu nafasi ya mtunza ghala," Zuhura alisema. "Samahani dada, nina swali moja tu, la namba tisa."

"Namba tisa." Yule dada akacheka kidogo. "Wewe si wa kwanza. Uliza."

"Mkurugenzi akipiga simu usiku, anataka katoni moja tu, karatasi italetwa asubuhi. Nifanye nini?"

"Hapewi."

"Mkurugenzi mwenyewe?"

"Alishanyimwa. Alikuja na gari, na wageni wake ndani ya gari, akanyimwa. Akarudi kesho yake na hati imetiwa saini sehemu tatu."

Zuhura alinyamaza kidogo. Swali lililofuata ndilo lililokuwa swali hasa, na aliliuliza polepole.

"Na huyo aliyemnyima, yuko wapi sasa?"

"Yuko ghorofa ya juu. Ndiye msimamizi wa maghala yote sasa. Nafasi unayoiulizia ni yake aliyoiacha." Simu ya pili ikaanza kulia upande ule. "Tangazo aliandika yeye. Mwisho wa maombi ni Ijumaa, dada, na barua iandikwe kwa mkono. Wadhamini wawili, mmoja awe mwajiri wako wa mwisho."

Akashukuru, simu ikakatika. Mwajiri wa mwisho. Hilo lingekuwa na maneno yake, na Zuhura aliyajua hata kabla hayajasemwa: mtendaji mzuri, ila alikuwa na upungufu. Juzi maneno hayo yangemfanya aache kuomba. Sasa aliona namna ya kuyatangulia. Angeyaandika mwenyewe kwenye barua, aya ya kwanza, upungufu kiasi gani na ulitokana na nini, kisha daftari aende nalo kwenye usaili. Mkaguzi hakulitaka kwa sababu halikuwa na saini. Aliyeandika namba tisa angelisoma kwa jicho jingine. Angetambua kila ukurasa.

Alikuwa amegeuka kurudi ndani, alipoitazama fomu mkononi, imeanza kulowa jasho la kidole gumba. Jina lake, akaunti yake, kiasi chake. Akiba nzima inatoka. Inatoka kwa hati gani? Nani amesaini kuipokea? Mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa, na karatasi itakuja.

Akampigia wifi yake.

"Umeshatoa?" wifi aliuliza kabla ya salamu. "Mwenye mzigo yuko hapa, ananisumbua."

"Bado niko foleni. Wifi, sikiliza. Hela nitatoa, ila si zote. Nitatoa nusu, na nusu nyingine tukishaona mauzo. Na leo jioni tuandikiane."

Kimya. Nyuma kilisikika kitambaa kikipasuliwa kwa mkasi, kisha mkasi ukawekwa chini.

"Nani kakwambia maneno?"

"Hakuna mtu. Nimesoma mahali."

"Kwa hiyo huniamini."

"Nakuamini. Hata bosi wangu nilimwamini." Hakukusudia kulisema hilo, lakini lilikuwa limeshatoka, na wifi alikuwapo usiku ule aliporudi nyumbani na barua ya makato. Ndiye aliyempikia uji, akamkalisha, akamtukania bosi mpaka kukapambazuka. "Wifi, wewe mwenyewe uliniambia siku ile. Ulisema, mjinga wewe, ungemwambia aandike."

Kimya kingine, kifupi zaidi.

"Nilisema kweli," wifi akakiri, bila furaha. Kisha akamwambia mtu pembeni asubiri. "Haya. Niandike nini sasa? Mimi mambo ya mikataba siyajui."

"Andika kiasi, tarehe, na faida tunagawana vipi. Na tukitaka kuachana, nani anachukua nini."

"Tukitaka kuachana! Hata hatujaanza!"

"Ndiyo. Ndiyo wakati wake."

Wifi aliguna, guno refu la mtu anayetafuta kalamu asiyoitaka. Mlangoni, bakora ya mzee ilikuwa ikigonga sakafu. Foleni ilikuwa imesogea.

"Faida nusu kwa nusu?" wifi aliuliza.

"Kazi ya kusimama dukani ni yako, mimi huenda nikaajiriwa. Andika sitini kwako, arobaini kwangu."

"Sitini," wifi alirudia, na sauti yake ikalainika kidogo. "Subiri, subiri niandike."