Nyuklia au Makaa ya Mawe?

Pwani ya Kenya imewahi kuchumbiwa na wote wawili. Lamu ilitakiwa ipokee mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, hadi mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilipofuta leseni. Kisha ikatajwa Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kinu cha nyuklia, na mwaka 2024 wakazi wakaandamana kupinga. Je, wangekuwa na haki ya kuogopa kimoja kuliko kingine?

Kwa upande wa hewa, ubishi ni mdogo. Mwaka 2014 jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikadiria kwamba uniti moja ya umeme wa makaa hutoa takriban gramu 820 za gesijoto, ya gesi asilia 490, na ya nyuklia 12. Hesabu hiyo inajumuisha hata uchimbaji na ujenzi.

Usalama ndio unaochanganya watu. Ajali za vinu vya nyuklia vya Chernobyl (1986) na Fukushima (2011) hazisahauliki, na haifai zisahaulike: Japani zaidi ya watu 150,000 walihama, na wagonjwa na wazee wengi walikufa kwa taabu za kuhamishwa kwenyewe. Lakini makaa huua bila kutangazwa. Vumbi lake laini huingia mapafuni mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna king'ora kinacholia. Migodini nako, Soma nchini Uturuki ilipoteza watu 301 mwaka 2014. Ukigawanya vifo kwa umeme uliozalishwa, makaa yanaongoza kwa mbali. Hata hivyo, hofu ya mvuvi haipimwi kwa wastani: mtambo wa makaa haumhamishi mtu kijijini kwa usiku mmoja.

Taka ndilo fumbo gumu zaidi. Kinu cha megawati 1,000 hutumia tani zipatazo 25 za fueli kwa mwaka; mtambo wa makaa wa ukubwa huo huchoma kama tani milioni tatu. Jivu lake lina zebaki na aseniki, na sehemu kubwa ya uchafu hupaa tu angani, mali ya kila mtu. Taka za nyuklia ni chache na zinajulikana zilipo, ila plutoniamu ndani yake huchukua miaka 24,000 kupungua nusu. Wafini wamechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, ili wazizike humo. Nani atakayelinda kaburi la miaka elfu ishirini? Wao hujibu kwamba mwamba wenyewe ndio mlinzi.

Kwa vipimo vyote vitatu naona nyuklia inayashinda makaa, ingawa kwa taka naiacha ishinde kwa shingo upande. Ila mtu wa Uyombo ana swali lingine: mbona alinganishiwe nyuklia na makaa, na Olkaria kuna mvuke wa ardhini unaowasha taa tangu 1981?