Kuhusu shemeji kulala hapa

Mwenzangu, habari za kazi. Nimeona nikuandikie kabla hatujaonana, maana najijua: ana kwa ana nitazungukazunguka, mwishoni niseme "basi, si kitu", halafu nibaki nalo moyoni. Sitaki nikununie kwa jambo ambalo pengine hata hujui linanisumbua.

Ni kuhusu shemeji kulala hapa. Sina ubaya naye hata kidogo. Ana heshima, na ile koki ya jikoni iliyokuwa ikidondosha maji usiku kucha ni yeye aliyeitengeneza. Shida yangu ni wingi wa siku. Alikuwa anakuja Ijumaa na Jumamosi, nikazoea. Mwezi huu zimekuwa siku nne kwa wiki, na wiki iliyopita tano. Hapo naona ameshahamia, na la kuhamia hatukuwahi kulizungumza.

Unajua mimi natoka saa 12:30 asubuhi. Jumanne nilisimama mlangoni pa bafu, mswaki mkononi, nikagonga na kukuita kwa lile jina letu la utani. Akaitika yeye! Nilicheka, lakini kazini nilichelewa. Alhamisi haikunichekesha. Ulitoka mapema ukamwacha amelala, nami nikatoka kuoga nimejifunga taulo nikijua niko peke yangu, nikamkuta sebuleni. Maskini, aliinamisha macho haraka, hana kosa. Ila tangu siku hiyo nachungulia kwanza kabla ya kutoka chumbani, ndani ya nyumba ninayoilipia kodi.

Umeme na maji navyo bado tunagawana nusu kwa nusu. Si hilo linaloniuma zaidi, ila limo.

Najua nami si malaika. Mdogo wangu nilikuambia atakaa siku tatu, akakaa wiki mbili, na hukunifokea. Ndiyo maana nimesita kusema mpaka leo. Kwa hiyo hili ninaloomba linihusu na mimi pia, kwa mgeni wangu yeyote: asizidi siku mbili kwa wiki, tuambiane japo kwa ujumbe siku moja kabla, na mgeni asibaki ndani kama mwenyeji wake hayupo. Kukiwa na dharura tutaelewana, sisi si wa kuhesabiana saa. Na kama mmefikia mahali mnataka kuishi pamoja, niambie tu waziwazi. Hayo ni mazungumzo mengine, ya kodi na ya vyumba, wala sitakasirika.

Jumapili jioni niko nyumbani. Tukae tuongee, uniambie na yako, maana huenda kuna mambo yangu unayavumilia kimya kimya.

Tafadhali ujumbe huu usimwonyeshe shemeji, asije akaona haya hata kuifuata chaja yake. Nimemwekea juu ya friji.